Wiki ya Idi katika Hesabu ya Saa

Miaka ya hamsini, nikiwa nimemaliza shahada ya pili, ofisi ya kazi Tanga ilinituma kukagua saa za kazi katika shamba la mkonge karibu na Kigombe. Mkataba wa shamba uliruhusu wiki ndefu, mradi wastani wa wiki nne usizidi saa arobaini na nane. Mzee aliyelisha majani kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge, alilalamika kwamba usingizi humpitia vidole vikiwa karibu na visu.

Nilijumlisha saa zake: sitini, sitini, sitini, na sifuri ya wiki aliyochukua likizo ya Idi. Nikagawa kwa nne, nikapata arobaini na tano.

"Shikamoo, mzee. Hawajazidisha."

"Marahaba, mwanangu. Lakini Idi ni likizo yangu. Mbona waigawia korona?"

Niliusoma tena mkataba. Likizo haihesabiwi, nilipaswa kuiruka na kuchukua wiki iliyofuata, nayo ilikuwa na saa sitini. Wastani wa kweli ulikuwa sitini. Nilifuta mbele yake, nikaandika upya, na meneja akalazimika kumpumzisha siku ile ile.