Uzi wa Mfuko kwa Kilo Tatu za Sukari

Bi Esha binti Mbaruku hakuwahi kukanda unga maishani mwake, lakini katika duka letu la mikate pale Dunda hakuna mkate uliookwa bila kupita mkononi mwake. Sukari ilikuwa yake. Unga ulikaa stoo, na ufunguo wa stoo alikuwa nao mwanawe, Abdullatif. Sukari ilikaa chumbani kwa Bi Esha, chini ya kitanda cha samadari alichoachiwa na mama yake, na mizani ilikuwa pembeni. Mumewe, Mzee Sadallah, ndiye mwenye duka, lakini hata yeye akitaka sukari ya chai alibisha hodi kwanza.

Mimi Zaina nakaa kaunta, nauza, na mdomo wangu nimepewa na Mungu, kwa hiyo niwieni radhi. Nilimwambia siku moja, "Bi Esha, sukari yako inalindwa kuliko mwali." Akacheka, akanijibu kwamba mwali hashambuliwi na sisimizi.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Mfuko wa unga wa kilo hamsini hushonwa mdomo kwa uzi mweupe mnene. Majaliwa, mwokaji wetu, akiufungua kwenye beseni la kukandia, aliuchomoa ule uzi na kumpelekea Bi Esha. Uzi mmoja, kilo tatu za sukari. Hakuna uzi, hakuna sukari, hata uape kwa msahafu. Uzi aliutundika kwenye msumari ukutani, na Jumamosi, baada ya hesabu ya wiki, aliuchoma. Sukari ya keki aliipima mbali, kilo kwa kilo ya unga, kwa sababu keki haina huruma na sukari.

Jumamosi hiyo hiyo Mzee Sadallah alikaa na karatasi ya matumizi. Upande mmoja ziliandikwa kilo za unga na sukari zilizotolewa. Upande wa pili mikate na keki zilizotoka tanurini, zilizouzwa, zilizobaki na zilizoungua. Mfuko mmoja kwetu hutoa mikate mia na themanini, ikizidi au ikipungua ni mitatu minne. Mzee alizidisha, akalinganisha, akaweka alama. Lakini alikagua unga tu. Mstari wa sukari aliuandika akaupita. Kumkagua mkewe aliona ni kumvunjia heshima, na Bi Esha naye, kwa miaka yote waliyoishi, hakuwahi kumpa sababu. Mzee wetu alidhani hiyo ni adabu. Mimi sasa naiona ilikuwa upofu wenye kanzu.

Jumamosi ninayoisimulia, karatasi ilisema mifuko ishirini na moja ya unga wa mikate imetoka stoo. Mikate iliyouzwa, pamoja na iliyobaki kabatini na michache iliyoungua, ilikuwa ya mifuko kumi na minane. Mifuko mitatu imeyeyuka.

Mzee hakupiga kelele mwanzoni. Alitoka uani na karatasi mkononi, pale Majaliwa alipokuwa anatoa mikate ya asubuhi, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Majaliwa, unga wangu uko wapi?"

"Unga upi, Mzee?"

"Mifuko mitatu."

"Niliyopewa nimeikanda yote, Mzee. Haki ya Mungu."

Abdullatif akatokea stoo, anajifuta mikono. "Baba, huyu anaoka keki zake mwenyewe," alisema. "Unga anaupikia keki, anauza harusini huko Fukayosi kwao. Muulize."

Majaliwa akamgeukia. "Abdul, hata Mungu humwogopi?"

Kabla hajafunga mdomo, Abdullatif alimpiga kofi lililomwangusha juu ya trei. Mikate ikatawanyika vumbini. Mzee akaona mikate yake chini, na nadhani hilo ndilo lililomtoa akili. Alinyakua ule ubao wa mpini mrefu wa kutolea mikate tanurini, akampiga nao Majaliwa begani, mbavuni, mgongoni, akihesabu, "Mmoja! Wa pili! Wa tatu!" kana kwamba kila pigo linarudisha mfuko. Mpini ukakatika, akaendelea na kipande kilichobaki.

Niliruka kaunta nikamshika Mzee mkono. Alinitupa kando kama gunia tupu. Nikapiga ukelele wa kuomba msaada, na ninaulaani ukelele ule, maana waliokuja walikuwa vijana wa bodaboda wa kituo cha pale nje, na walichosikia wao ni neno moja tu kutoka kinywani mwa Abdullatif.

"Mwizi!"

Mtu akiitwa mwizi mjini kwetu, hakuna anayeuliza ameiba nini. Waliingia uani kwa mateke. Mmoja alikuwa na mnyororo wa pikipiki. Mwingine aliokota kipande cha tofali kilichokuwa kinazuia mlango wa tanuri. "Siku za mwizi arobaini!" walisema, na aliyekuwa anapiga kuliko wote, wallahi nawaambia, alikuwa Abdullatif. Alimpiga Majaliwa teke la mdomo kila alipotaka kusema. Majaliwa alijikunja, akaita, "Bi Esha! Bi Esha, nisaidie!"

Mlango wa chumba cha Bi Esha unatazama uani, na pazia lake halifiki chini. Niliona miguu yake. Ilikuwa imesimama nyuma ya pazia, ina hina ya harusi ya juzi, haisogei. Majaliwa aliita tena. Miguu haikusogea. Nikajisemea, masikini, mama wa watu anaogopa damu.

Tofali likatua kwenye jicho la kushoto la Majaliwa. Sauti yake si ya kusimulia. Mmoja wa vijana akauliza petroli iko wapi, na mwenzake akakimbilia pikipiki yake.

Hapo pazia likafunguka.

Bi Esha alitoka bila ushungi. Hakuna mwanamume pale aliyewahi kuona nywele zake isipokuwa mumewe na mwanawe, na nadhani ndiyo sababu mikono ilisita. Mkononi alikuwa na lile fungu la nyuzi kutoka msumarini. Alipita katikati yao, akasimama mbele ya mumewe.

"Baba Abdullatif, hesabu."

"Rudi ndani, mke wangu."

"Hesabu nyuzi."

Mzee hakuzigusa. Basi Bi Esha akahesabu mwenyewe kwa sauti, uzi mmoja mmoja, anaudondosha mbele ya miguu ya mumewe. Zilikuwa kumi na nane.

"Mifuko iliyofunguliwa ni hii," alisema. "Sukari niliyotoa ni ya hii. Na mikate uliyouza ni ya hii. Hiyo mitatu imetoka stoo na uzi wake mdomoni. Haikufika kwa Majaliwa."

"Amepika keki, Mama!" Abdullatif alisema.

"Keki za mifuko mitatu zinakula sukari kilo mia na hamsini, mwanangu. Yangu haijapungua hata kijiko. Au alikoroga na maji ya bahari?"

Ufunguo wa stoo ulikuwa unaning'inia kiunoni mwa Abdullatif, na macho yote yakaufuata. Mama alikuwa hajamtaja mwanawe kwa jina, na hakukuwa na haja.

Mzee Sadallah alimwendea mwanawe na kile kipande cha mpini. Pigo la kwanza lilimvunja pua. La pili lilimpigisha magoti. Wale vijana, ambao dakika ile ile walikuwa wanamuua Majaliwa kwa ajili ya Abdullatif, sasa wakamgeukia Abdullatif kwa ajili ya Majaliwa; mnyororo ni ule ule na teke ni lile lile. Kijana wa petroli alikuwa amesharudi na chupa yake. Sikuona hata mmoja aliyeona haya.

Bi Esha akajirusha juu ya mwanawe. Alimlalia kifudifudi, akamfunika kichwa kwa mikono yake, na mnyororo uliokuwa umeshanyanyuliwa ukashuka juu yake. Nilisikia mfupa wa mtulinga ukivunjika. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ni wangu. Nimemsema, lakini ni wangu." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo tunavyosema, na siku ile niliuona umelala chini na vumbi la unga nyweleni.

Mzee alipomwona mkewe chini alitupa kipande cha mpini, akawageukia wale vijana kwa ngumi, analia kama mtoto, mpaka askari wa kituo cha polisi walipofika na kuwatawanya.

Abdullatif alikiri mbele ya askari: mifuko aliiuza ikiwa imefungwa, maana mfuko ulioshonwa mdomo hauulizwi maswali. Baada ya kesi baba yake alimpeleka Saadani kwa mjomba wake, anaanika samaki, na pua yake imepinda mpaka leo. Majaliwa alipelekwa Dar, jicho likatolewa. Mzee aligharamia kila kitu, akamwomba radhi mbele ya watu msikitini. Majaliwa aliitikia kwa kichwa. Wengi walisema amesamehe. Mimi nilikuwa na shaka, kwa sababu mimi ndiye ninayemwona akikata donge la unga kama anayekata shingo ya mtu.

Alirudi kazini, maana njaa haina kinyongo. Karatasi ya matumizi siku hizi inaanza na sukari, unga unafuata, na Mzee anapoilinganisha anakuwa ameketi na mkewe, nyuzi zikiwa mezani. Heshima haikuvunjika. Kilichovunjika ni bega la Bi Esha, ambalo halikuunga vizuri, na sasa anapima kwa mkono wa kushoto.

Asubuhi ya kwanza Majaliwa alipompelekea uzi, nilikuwa mlangoni nafagia. Bi Esha alinyoosha mkono. Majaliwa hakumpa. Alimtazama kwa jicho moja lililobaki, akauliza taratibu kabisa.

"Bi Esha, siku ile ulinisikia tangu lini?"

Ningekuwa mimi ningedanganya. Ningesema nilikuwa nasali, nilikuwa bafuni, nilizimia. Nilisimamisha ufagio nikimwombea adanganye.

"Tangu uliponiita mara ya kwanza," Bi Esha alisema. "Nyuzi nilikuwa nimeshazihesabu tangu alfajiri. Mzee aliposema mifuko mitatu, nilijua ni nani."

"Na tofali lilikuwa bado."

"Lilikuwa bado, baba."

Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. Majaliwa alisimama pale mpaka nikadhani atamnyonga, na Mungu anisamehe, nisingemlaumu. Kisha akauweka uzi kwenye kiganja chake, akaufunga mkono wa yule mama juu yake, kidole kimoja kimoja.

"Pima sukari," alisema. "Unga uko beseni."

Akampimia. Kwa ule mkono wa kushoto sukari ilimwagika sakafuni, akaongeza mpaka mizani ikasimama kwenye kilo tatu.