Mwaka Niliomlazimisha Kuuandika

Wanafunzi wangu wa historia niliwapa kazi ya nyumbani: wachore frise, yaani mstari wa nyakati, wa mji wetu wa Kisangani pamoja na familia zao, vizazi vinne au vitano nyuma. Sentimita moja iwe miaka mitano. Hivyo tu ndivyo nilivyosema.

Msichana mmoja aliyeishi na bibi yake ng'ambo ya mto, huko Lubunga, alileta karatasi tatu zilizobandikwa pamoja. Ukoo wao ni wavuvi wa upande wa Yanonge. Juu alikuwa amechora ukanda wa Waungwana, wale wafanyabiashara waliotoka mashariki, ncha zake zote mbili zikiwa na nukta nukta. Chini yake, ukanda wa Dola Huru, ile ya mfalme wa Wabelgiji, ulianza 1885, wakati ule wa Waungwana haujaisha. Chini kabisa kulikuwa na kipande kingine cha nukta, kirefu sentimita moja, na juu yake neno la Kifaransa vers, maana yake "karibu na". Hapo ndipo alipozaliwa bibi wa bibi yake.

Nilimsimamisha mbele ya darasa.

"Hii ni nini? Dola imeanza, Waungwana bado wako?"

"Ndiyo, Madame. Koko anasema walikuwa pamoja." Koko ndivyo alivyomwita bibi yake.

"Na huyu alizaliwa mwaka gani?"

"Mwaka haujulikani, Madame. Koko anasema tu kwamba wakati wa vita vya Waungwana na wazungu, alikuwa mutoto wa kubeba mudogo wake."

"Mutu hazaliwi kwa miaka mitano! Historia iko na date. Hizi ni habari za jikoni."

Darasa likacheka. Nikapiga mstari mwekundu katikati ya kazi yake, nikampa nne juu ya kumi.

Kinachoniuma ni kwamba nilijua. Nilisoma chuoni kwamba mkuu wa wafanyabiashara wale alifanywa gavana wa hapa na Dola yenyewe, mwaka 1887, na kwamba vita vyenyewe vilikuja miaka kadhaa baadaye. Lakini nilikuwa na kazi hamsini za kusahihisha, na vipindi vinavyofuatana kama mabehewa ni rahisi kusahihisha.

Wiki iliyofuata alileta frise mpya. Kanda zilifuatana bila kugusana. Bibi wa bibi yake alizaliwa 1885, kwa wino. Nikampa tisa. Baada ya somo nikamwuliza mwaka huo ameupata wapi.

"Kwenye kitabu, Madame. Nimeona wewe unaupenda."

"Koko anasemaje?"

Akatazama viatu vyake. "Koko hasemi tena. Nilimwambia Madame amesema ni habari za jikoni."

Jumamosi nikavuka mto kwa mtumbwi. Bibi nilimkuta akigeuza samaki juu ya moshi. Mjukuu wake alikaa kando, daftari magotini. Nilisema kosa langu lote, hata lile la kujua nikanyamaza. Bibi aligeuza samaki wote, mmoja mmoja, kisha akanionyesha kiti.

"Uliza basi."

"Koko, vita vilipokuja, bibi yako alikuwa mkubwa kiasi gani?"

"Aliweza kubeba mdogo wake mgongoni. Mtungi wa maji hakuuweza."

Miaka sita, au saba. Vita vilikuwa kati ya 1892 na 1894. Nikamwambia msichana ahesabu kurudi nyuma. Akapata kati ya 1885 na 1888.

"Na mtoto wake wa kwanza?"

"Alizaliwa wakati wa mpira. Wanaume walikuwa msituni wakitafuta utomvu wa mpira, wanawake wamefungwa mpaka warudi nao. Mama yangu mimi alikuja mwisho kabisa, tayari ni wakati wa Wabelgiji."

Mtoto wa kwanza basi ni kabla ya 1908, serikali ya Ubelgiji ilipoichukua Dola kutoka kwa mfalme. Mambo yalikubaliana. Msichana alichora upya ukanda wa nukta, akauliza kama aandike vers. Nikasema ndiyo, lazima aandike.

Jumatatu nililiambia darasa kwamba frise ya kwanza ilikuwa sahihi na mwalimu ndiye aliyekosea. Nilibandika kazi yake ukutani. Safari hii hakuna aliyecheka, na yeye pia hakutabasamu.

Lakini siku ile ya Lubunga, kabla sijaondoka, nilimwuliza bibi familia ilijificha wapi wakati wa vita.

"Hiyo nilitaka kumwambia huyu mtoto siku ile ile aliyorudi kutoka shule akilia. Leo imenitoka."

Sijui kama alisahau kweli, au hakutaka kunipa mimi. Nilirudi mara mbili baada ya hapo kumwuliza tena, na mara zote mbili alinipa samaki, akazungumzia bei ya chumvi.