Ukumbusho kwa Daktari wa Bura

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Shirika letu la afya liliponileta Garissa kusimamia uajiri, mama yangu kule mlimani alisema joto litanimaliza. Wapi! Kilichokaribia kunimaliza ni watu wasiojibu barua.

Tulikuwa tunatafuta msimamizi wa stoo ya dawa kwa kliniki yetu ya Dagahaley. Dada mmoja mzaliwa wa Garissa aliwaacha wenzake mbali kwenye mahojiano. Lakini kwetu hakuna anayepewa kazi kabla ya watu wawili aliowataja kumshuhudia kwa maandishi, na mmoja lazima awe mkubwa wake wa mwisho kazini. Mwalimu wake wa chuo alijibu haraka. Mkubwa wake, daktari anayesimamia kituo kimoja cha afya huko Bura, alikuwa kimya kabisa. Nilimtumia barua pepe, nikapiga simu ikaita mpaka ikachoka. Mkurugenzi wangu akaamua kwamba Ijumaa ikifika bila jibu, tunamchukua aliyeshika nafasi ya pili. Mkataba wa yule dada huko Bura ulikuwa umekwisha, na wadogo zake wote walimtazama yeye.

Nikakaa kuandika ukumbusho. Wa kwanza ulikuwa na pilipili, nikaufuta. Si kwa wema wangu, jamani. Nilijikumbusha tu kwamba yule daktari mzee si mfanyakazi wangu, na kwamba anayemshuhudia mtu ananifanyia hisani. Nikaandika upya:

"Daktari, salaam aleikum. Najua una kazi nyingi. Nakukumbusha kwa heshima ombi letu kuhusu aliyekuwa mfanyakazi wako, ambaye ametupa jina lako kwa hiari yake. Maswali ni machache, na majibu yako yatabaki siri ofisini kwetu. Tutashukuru tukiyapata kabla ya Ijumaa. Ukipenda, nipigie, nami nitayaandika unavyoyasema. Na kama ipo sababu inayokuzuia kujibu, niambie tu. Hutakuwa umetukosea."

Hayo maneno ya mwisho huwa nayaweka kwa mazoea, na sikuwahi kuona yakimsaidia mtu.

Alinipigia baada ya swala ya adhuhuri. Alinisalimia kwa utaratibu wa watu wa huku: afya yangu, watu wa nyumbani, mvua ya kwetu, mpaka ng'ombe wetu ambao hatuna. Kisha sauti yake ikashuka.

"Dada, mimi ni abti yake, mjomba wake wa damu. Nikimsifu, nimeisifu nyumba yangu. Nikinyamaza, namharibia. Sikuona njia, mpaka uliponiuliza kama kuna kinachonizuia."

Siku zote hizo nilikuwa nimemwita mzembe moyoni, kumbe mtu wa watu alikuwa anashindana na dhamiri yake. Akaniambia nisimsikilize yeye, nimuulize msaidizi wake, ambaye ndiye hasa aliyemsimamia yule dada kila siku. Halafu akaongeza, kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa, kwamba hao wawili hawaamkiani. Binti alimripoti msaidizi kwa kuchukua dawa bila kuandikisha, na msaidizi akaonywa.

Nikafikiri mzee amechanganyikiwa. Nani humpeleka mpwa wake kwa hasimu wake? Tena sikuweza kumuuliza mtu ambaye mwombaji hakumtaja, kwa hiyo nikampigia yule dada. Nilimweleza kwamba mjomba wake amejitoa, na jina lililopendekezwa ni la nani. Nikamwambia wazi ana haki ya kukataa na kutupa jina jingine.

Nilisikia mbuzi wakilia upande wake. Nilitamani akatae, kusema kweli.

"Mwandikie," alisema. "Ananichukia, lakini hataapa uongo."

Nikamwandikia yule msaidizi maneno yale yale ya heshima, bila kugusa ugomvi wao. Alhamisi majibu yakaja, mafupi. Ana bidii? Sana. Anaelewana na wenzake? Si na mimi. Hesabu zake za dawa? Hazijawahi kukosea, na mimi ndiye niliyetafuta kosa.

Swali letu la mwisho huuliza kama anayejibu angekubali kufanya kazi na mtu huyo tena. Hapo alikuwa ameandika: "Hapana, sitaki kukaa naye ofisi moja. Lakini watoto wangu wakiugua, nataka dawa yao iwe imetoka mkononi mwake."

Nilimpelekea mkurugenzi karatasi ile kwa mikono miwili. Aliisoma, akavua miwani, akaniuliza yule dada anaweza kuanza lini.