Sharubati ya Bi Tabu

Siku hizi mtoto akiharisha mama yake hujifungia ndani na siri yake. Zamani zile, Temeke, choo cha mtoto kilikuwa mali ya mtaa mzima.

Mfaume alikuwa mjukuu wa Bi Tabu, mama mwenye nyumba yetu. Alikuwa na mwaka na nusu na mashavu kama maandazi. Hakuwa na homa wala damu chooni, na aliwakimbiza kuku wote wa uani. Ila kila siku alikuwa akiharisha maji yenye vipande vya mchicha, na kamba ya kuanikia ikajaa winda zake.

Bi Tabu alimlaumu mkwewe, Mwanakombo, mama wa mtoto. Alisema tui la nazi na samaki wa mafuta vimemchafua mtoto tumbo. Akavipiga marufuku, akamwachia mtoto uji mwepesi, na ili maji yaliyotoka yarudi, akamkamulia sharubati ya machungwa asubuhi, ya nanasi mchana, ya embe jioni. Mtoto akizidi kuharisha, naye huzidisha kikombe. Mwishowe akatangaza kwamba Mfaume atahamia chumbani kwake, alelewe na anayejua kulea. Mwanakombo alilia kimya. Nani angembishia mama mkwe?

Akaomba jambo moja tu, mtoto apelekwe kliniki kwanza. Bi Tabu alikubali upesi, akijua atashinda, akatualika wapangaji tuje kusikia.

Nesi Anastasia, mwenyeji wa Bukoba, alimpima Mfaume kwenye mizani, akatazama kadi yake, akacheka. Mtoto alikuwa anaongezeka uzito vizuri kila mwezi. Akauliza anakunywa nini. Bi Tabu akahesabu vikombe kwa majivuno, na nesi akaacha kucheka.

"Bibi, huyu si mgonjwa. Utamu wa sharubati umemzidi. Tumbo lake haliwezi kuufyonza wote, unaobaki unavuta maji, unashuka nayo. Mpe chungwa alile lenyewe. Akiona kiu, maji yaliyochemshwa. Na tui mrudishieni, na samaki."

"Sharubati yangu imemuua nani?"

"Hajafa mtu, Bibi. Winda tu ndizo zimechoka."

Tulicheka mpaka tukaona aibu. Bi Tabu akanuna, akasema sawa, kikombe kitafungwa kabatini, na choo kisipokauka, mtoto ni wake.

Mfaume hakukubali. Alizunguka vyumba vyote na kopo tupu, akilia kila mlangoni, nasi wapumbavu tukamjazia sharubati. Bi Tabu alipogundua alitufuata mlango kwa mlango na mwiko mkononi. Yeye, aliyetaka kushinda, ndiye aliyelinda sharti kuliko wote.

Asubuhi moja akatuita uani kwa sauti ya harusi. Akainua winda. Kilichokuwamo kilikuwa kigumu na cha heshima. Tukapiga vigelegele, hata mpangaji mwenzetu Mzee Polikarpo, aliyekuwa na kesi mahakamani siku ile.

Mara ya mwisho niliwaona walipohamia nyumba yao mpya Vingunguti, juu ya lori la mizigo. Mfaume alikuwa mapajani mwa mama yake, akinyonya kipande cha chungwa. Bi Tabu alikaa juu ya godoro, akimgombeza Mwanakombo kwamba samaki wa jana hakuwa na tui la kutosha.