Soksi Iliyoungua

Jumanne, tarehe kumi na moja Juni. Manyunyu tangu alfajiri. Mlima Meru haukuonekana, na mtaa wetu wa Elerai wote ulikuwa tope.

Leo nimefanyiwa usaili wa usimamizi wa dobi, hapo hapo hotelini ninapofulia. Kazi naitaka sana. Mgongo umechoka kuinamia mashuka.

Mkufunzi wangu alikuwa wifi, mdogo wa mume wangu, anayefanya kazi ofisi ya utumishi. Wiki nzima kanihubiria STAR. Nilidhani ni mambo ya unajimu. Kumbe ni mpangilio wa kusimulia kisa cha kazini: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ukachukua hatua gani, matokeo yakawa nini.

Kisa ninacho. Siku ya mvua mashine ya kukaushia iliharibika, na wageni walikuwa wanaondoka asubuhi kwenda mbugani. Basi nikaanza na mvua, nikapita kwa fundi na ugomvi wake na mkewe.

"Wifi," akanikatiza, "tuko kwenye Hali bado? Hiyo sentensi mbili tu! Hatua ndiyo uimwage."

Nikaimwaga. "Tulitenga nguo, tukaanika jikoni..."

"Tuli, tuli! Mmeomba kazi kijiji kizima? Sema nili."

Hapo tukagombana. Mimi kusema "nili" naona kama nawaibia wenzangu. Na pengine ni kweli sifai.

Leo meneja aliniuliza: "Tupe mfano wa tatizo ulilotatua kazini." Hali, sentensi mbili. Jukumu: nguo za wageni zikauke kabla hawajaondoka. Kisha ulimi ukateleza: "Tulianika..."

"Wewe mwenyewe ulifanya nini, mama?"

Nikaona kumbe swali ni la haki. Linampa tu kila mtu chake.

"Kuanika karibu na tanuri la mikate lilikuwa wazo la mpishi. Mimi nilizitenga nguo kwa saa ya mgeni kuondoka, wa kwanza akaanikiwa kwanza. Nikamwambia wa mapokezi awaambie wageni ukweli mapema."

"Matokeo?"

"Wote waliondoka na nguo kavu. Isipokuwa soksi moja, iliungua. Hiyo pia niliiunguza mimi. Nilimwomba mgeni radhi, na tangu siku hiyo nguo zote tunazipokea kwa saa ya kuondoka."

Meneja akacheka mpaka akavua miwani. Nikajua soksi imenimaliza.

Jioni simu ikaita. Nimepata, kwa majaribio kwanza. Meneja akasema wengine wote walileta visa visivyo na soksi.

Wifi alikuja mbio, nikamsimulia yote. "Si nilikwambia uiache hiyo soksi!"

"Ulinambia."

"Basi tuseme mimi sikusema kitu."

Mume wangu akatangaza kwa sauti ya mwenye nyumba: "Karibuni, tumepika loshoro."

Wifi akamtazama. "Wewe mwenyewe ulifanya nini, kaka?"

Akafikiri. "Nilimimina mtindi."

Ni kweli, aliumimina. Mahindi na ndizi nilichemsha na kuponda mimi. Tukala yote.