Namba ya Dharura ya Sikukuu

Mhazili wa ofisi yetu ya maji tulimwita Mama Tangazo, maana hakuna karatasi iliyobandikwa mlangoni bila mkono wake. Kila mwisho wa mwaka alichukua tangazo la mwaka uliopita, akabadilisha tarehe ya kufunga na ya kufungua, basi. Meneja naye, akili yote iko likizoni, akasaini bila kusoma.

Safari hii bomba kubwa likapasuka sikukuu yenyewe, maji yakaingia majumbani. Watu wakapiga namba ya dharura iliyoandikwa kwenye tangazo. Ilikuwa ya fundi wetu wa zamu, yule tuliyemzika mwaka huohuo, Mama Tangazo akilia kuliko ndugu wa marehemu!

Tulipofungua ofisi, tulimkuta mjane wake mlangoni, simu ya mumewe mkononi.

"Karibu, dada," Mama Tangazo akasema. "Kuna nini tena?"

"Sikukuu nzima nimepokea simu zenu," mjane akajibu. "Kila anayepiga namwambia mume wangu amekufa. Wananitukana, dada. Wanasema ni kisingizio cha kukwepa kazi."