Ng'ambo ya Namba Nane

Shangazi yangu Zulekha anashona kofia za mkono, zile nyeupe zenye vitobo vidogo ambazo wanaume huvaa Ijumaa na kwenye harusi. Amezishona miaka arobaini na moja, mingi kati ya hiyo akiwa ameketi barazani mbele ya duka la kanzu la kina Samir, Kariakoo. Duka limebadilisha rangi mara nne, Samir mwenyewe amerithi kutoka kwa babake, lakini kigoda cha Shangazi hakijasogea. Kofia moja humchukua mwezi. Wateja wa siku hizi wanamwonyesha za mashine, bei ya kutupwa, naye huwajibu, "Basi nunua hiyo, baba, ukaifue mara mbili halafu uje." Wengine hurudi kweli.

Nimelelewa naye. Wazazi wangu walibaki Newala, mimi nikaletwa mjini nikiwa darasa la tatu, kwenye vyumba viwili Mtaa wa Sikukuu. Aliyekuwa akituamsha ni mumewe, Mzee Kitwana, aliyekata tiketi kwenye kivuko cha Magogoni. Sebuleni ilining'inia saa yake ya ukutani, ya duara, yenye namba nyeusi kubwa, aliyoinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Mzee alikuwa anaamini kwamba mtu asiyejua saa ataachwa na kila kitu hapa duniani, pantoni likiwa la kwanza. Shangazi alikuja mjini hajui kuisoma. Kusoma na kuandika alikupata kwenye kisomo cha watu wazima, lakini saa alifundishwa na mumewe, jioni, uji ukichemka.

Namkumbuka Mzee amesimama na kijiti cha fagio. "Zulekha, mshale mfupi uko wapi?" "Kwenye saba." "Sasa vuka. Ng'ambo yake kuna nini?" "Moja." "Basi ni saa moja. Wazungu wanakaa upande huu, sisi tunakaa ng'ambo." Shangazi alicheka hadi mwiko ukamtoka mkononi. Nyumba ile ilikuwa na vicheko ambavyo sijavikuta tena mahali pengine, na kusema kweli navitamani.

Mzee alifariki, na mwaka uleule saa ikasimama. Fundi alisema mashine imekwisha. Shangazi akasema sawa, akairudisha palepale msumarini, akawa anaifuta vumbi kila Ijumaa.

Halafu macho. Alianza kukosa vitobo vya pembeni, kofia ikawa inavutika upande mmoja. Nilimpeleka kliniki, daktari akasema ni presha ya macho. Akatoa dawa ya matone: tone moja kila jicho, kila siku saa mbili usiku, bila kuruka. "Haitarudisha ulichokwishapoteza," alimwambia, "lakini ukiitumia vizuri, utabaki na ulichonacho. Ukiiacha, yanakwenda kimyakimya, wala hutasikia maumivu." Shangazi aliuliza swali moja tu, kama ataendelea kushona. Daktari akamjibu kwamba hilo analo yeye mwenyewe mkononi.

Mwaka mzima nilimwekea mimi. Nilikuwa nikimkuta kwenye mkeka baada ya swala ya isha, kashaanza kusinzia, namwinua kidevu naweka. Kisha nikapata kazi Mtwara, kwenye ghala la korosho. Nani sasa angemwinua kidevu? Simu yake ya kitochi huilaza kabatini chini ya khanga, eti simu ni ya kutafutwa, si ya kutafuta. Kwa hiyo nikamnunulia saa ya mkononi, ile ya plastiki nyeusi yenye namba za kuwaka, nikamvalisha asubuhi ya safari huku nakimbilia basi. Maelezo nikaahidi kutuma kwa meseji.

Niliyaandika njiani, basi linaruka matuta, nami nimekasirika kwa sababu jirani yangu wa kiti alikuwa anakula mayai. Ninayo bado kwenye simu. Naiweka hapa kama ilivyo, aibu na yote:

"Shikamoo Shangazi. Sikiliza vizuri maana sirudii. Namba kubwa kabla ya vidoti viwili ni saa, baada ya vidoti ni dakika. Vile vidogo vinavyokimbia ni sekunde, viache vikimbie. Pembeni kukiwa na herufi PM, ni kuanzia adhuhuri mpaka katikati ya usiku. PM isipokuwepo, ni kuanzia katikati ya usiku mpaka adhuhuri. Kuna vitufe vitatu, kushoto viwili, kulia kimoja. Kuweka alamu: bonyeza cha kushoto chini mara moja. Kisha cha kushoto juu, namba ya saa itapepesa. Bonyeza cha kulia, kidogo kidogo, mpaka ifike saa mbili usiku, na PM uione. Ukiipita usilie, endelea itazunguka irudi. Kisha kushoto juu tena, dakika zitapepesa, bonyeza cha kulia mpaka sifuri mbili. Kushoto juu tena, zitatulia. Tazama kama kuna kialama kidogo kama mawimbi ya redio. Kama hakipo bonyeza cha kulia hapohapo mpaka kitokee. Kisha kushoto chini mara tatu utarudi kwenye saa ya kawaida, na njiani ukiona kitu kinapepesa usikiguse. Ikilia, bonyeza kitufe chochote inyamaze, weka dawa. Na hilo saa la ukutani limekufa Shangazi, litoe, lisikuchanganye."

Usiku ule alinipigia. "Imelia," alisema, na sauti yake ilikuwa ya msichana. "Saa mbili kamili, Anifa! Imelia kama kifaranga." Nilijipongeza. Mtu anaweza kujipongeza kwa ujinga wake mwenyewe na asijue kwa miezi.

Nilirudi mwezi wa saba kumpeleka kliniki. Nilimkuta kigodani pake, kofia mapajani, nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba bila kuinua kichwa. Aliniambia niingie mfukoni mwa kikapu nichukue chenji ya chai. Kikapuni hamkuwa na dawa, hilo ni sawa, dawa ilikaa nyumbani. Lakini kofia aliyoishika ilikuwa imevutika. Upande wa kushoto vitobo vilikuwa vimekwenda mrama kabisa.

Tukanywa chai. Tukapeana habari za Newala. Samir akaja kunitania kwamba Mtwara imeninenepesha. Ndipo mkono wa Shangazi ukalia, pi-pi, pi-pi.

"Nyamaza na wewe," akasema, akabonyeza.

"Shangazi, hiyo alamu ya nini?"

"Ya dawa."

"Dawa mchana huu?"

"Ndivyo inavyolia miezi miwili hii, tangu ilipobadilishwa betri. Nikifika nyumbani naweka."

"Unaweka?"

Akakaza uzi. "Siku nyingine nasahau. Nikimaliza isha usingizi unanichukua."

Nilimvuta mkono nikatazama. 2:00, na PM pembeni. Saa nane mchana, jua liko juu ya mabati ya Kariakoo.

"Nani aliweka hii?"

"Mimi. Fundi alitia betri akanirekebishia saa, ila alamu ilikuwa imefutika. Nikafungua meseji yako nikafuata. Umesema saa mbili usiku, PM ionekane. Hiyo siyo mbili? Hiyo siyo PM?"

Nilifungua mdomo nimgombeze, nikaitazama tena. Ilikuwa mbili. Ilikuwa PM. Mimi nikiona nane mdomo unasema mbili wenyewe, sote mjini ndivyo tulivyo, hata haituingii akilini kwamba kuna hesabu hapo. Katika meseji yote ile ndefu, niliyojifanya mwalimu, sikuandika nane hata mara moja.

"Mbona mara ya kwanza uliweka sawa?"

"Mara ya kwanza saa ya Mzee ilikuwepo." Alisema kama mtu anayeeleza kitu kinachojulikana. "Niliitafuta mbili pale ukutani, nikavuka, nikakuta nane. Nikaweka nane. Hiki kidude chako hakina ng'ambo, Anifa. Kina namba moja tu. Utavuka uende wapi?"

"Na saa ya Mzee iko wapi?"

"Si uliniambia niitoe?"

Samir alikuwa amesimama mlangoni, akarudi ndani polepole. Mimi niliona haya hadi masikio yakawaka. Mwanamke aliyenilea, ambaye hajawahi kutii amri ya mwenye nyumba wala ya mgambo, alikuwa ametii meseji yangu mpaka neno la mwisho.

Kesho yake kliniki walimpima. Presha ilikuwa imepanda, na pembeni mwa jicho la kushoto kipande kilikuwa kimekwenda. Miezi miwili ya kuruka dawa. Nilimwambia daktari kosa ni langu, akaniangalia tu akaandika. Shangazi akauliza swali lake lilelile la siku zote. Daktari akamjibu kwamba kwa kilichobaki, bado anaweza kushona, ila asiruke tena hata siku moja. Tulitembea hadi kituoni. Alikuwa amenishika mkono kwa upande wake wa kushoto, na jambo hilo hakuwahi kulifanya.

Nyumbani nilipiga magoti nikaitoa saa chini ya kitanda. Alikuwa ameifunga kwenye khanga ya arobaini ya Mzee, kwa mafundo mawili. Nilimwambia, "Shangazi, siku hizi kuna mashine mpya, ndogo, fundi anaitia kwa nusu saa tu. Itatembea tena."

"Ya nini? Ya kutembea ninayo mkononi. Hii ni ya kuvukia."

Nikapanda kigoda nikaitundika kwenye msumari wake. Ukutani palikuwa bado na duara jeupe, rangi ya ukuta ilipokuwa haijapigwa na moshi, na saa ikakaa humo sawasawa. Shangazi akasimama chini yake na saa ya plastiki mkononi, akakataa nimguse. Kushoto chini. Kushoto juu. Alitafuta mbili ukutani, akanyoosha kidole hewani, akakivusha taratibu kama alivyofundishwa na kijiti cha fagio. "Nane," akasema. Akabonyeza cha kulia mpaka nane, PM ikiwepo, akashusha dakika, akatuliza, akarudisha.

Ilipolia nilikuwa nasonga ugali, nikamwacha. Aliinua kidevu chake mwenyewe, tone kulia, tone kushoto, akafumba macho. Bila kuyafumbua akasema, "Mzee Kitwana, nimevuka."

Nililia juu ya sufuria. Kisha nikachukua simu, nikafuta sentensi ya mwisho ya meseji ile, nikamtumia upya. Mwishoni sasa inasomeka: "Kila namba, Shangazi, muulize Mzee."